Bamba linasoma nyuzi 126, hesabu inasema kilowati 72

Shangazi yangu ana kimradi cha mafuta ya mchaichai hapa Tanga, anachemsha maji chini, mvuke unapita kwenye majani, unapoozwa, mafuta yanaelea juu anayachota. Tatizo lake mvuke mdogo. Akaniita, "Baba, wewe si ulisomea mambo ya joto, hebu niambie hili jungu linaweza kutoa mvuke kiasi gani." Nikajibu harakaharaka kama kawaida yetu, "Hilo dogo shangazi." Likanila wiki mbili.

Jungu lenyewe fundi wa kerezo wa Ngamiani alilitengeneza vizuri tu, chini lina bamba la stenlesi bapa la duara, kipenyo sentimita 20, unene milimita 12, na hita ya kilowati 3 imebanwa kwa chini. Eneo la bamba ni mita za mraba 0.0314. Nikamwambia fundi anitobolee tundu jembamba la kuingilia pembeni mpaka katikati, milimita 3 chini ya uso unaogusa maji, nikachomeka themokapo, ule waya wa kupimia joto. Wazo langu lilikuwa rahisi: nikijua bamba limezidi joto la kuchemkia kwa nyuzi ngapi, ile fomula ya Rohsenow ya mwaka 1952 itanipa joto linaloingia majini kwa kila mita ya mraba. Na sisi tuko usawa wa bahari kwahiyo kuchemka ni nyuzi 100, ningekuwa Lushoto ingebidi nitumie kama 95 hivi, na namba za maji nazo zingesogea kidogo.

Fomula niliiandika hivi, namba ni za maji ya nyuzi 100:

```python
mu, hfg, cp, Pr = 279e-6, 2.257e6, 4217, 1.76
rl, rv, s, g = 957.9, 0.596, 0.0589, 9.81
Csf, dT = 0.0132, 26
q = mu*hfg*(g*(rl-rv)/s)**0.5 * (cp*dT/(Csf*hfg*Pr))**3
print(q)
```

Hapo `dT` ndo zile nyuzi za ziada, na `Csf` ni namba ya ndoa kati ya maji na uso wa bamba, kwa stenlesi iliyong'arishwa kwa mashine vitabu vinatoa 0.0132. Kilichobaki ni tabia za maji tu. Maji yakachemka vizuri, themokapo ikatulia kwenye 126, nikaweka 26, jibu likaja kama milioni 2.3, yaani wati milioni 2.3 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa eneo la bamba unapata kilowati 72. Hita ni ya kilowati 3! Shangazi kachungulia skrini akauliza kama hizo 72 ni umeme wa mtaa mzima.

Na hata bila hita kunisuta ningetakiwa kushtuka, maana maji ya nyuzi 100 kwenye bamba bapa yana kikomo chake, kwa hesabu ya Zuber ni kama milioni 1.26 hivi, ukipita hapo mvuke unatanda juu ya bamba kama blanketi, maji hayaligusi tena na bamba linapanda joto ghafla. Mi nilikuwa natazama kwa macho mapovu yanapanda kwa mistari iliyoachana achana, huku na kule, katikati unaliona bamba. Hiyo ni sura ya nyuzi chache za ziada, sio 26.

Nikamlaumu themokapo, nikaitumbukiza kwenye maji yanayochemka, ikasoma 100. Nzima. Nikabadili `Csf` mara tatu, jambo la kijinga kweli, nikawa nazidi kupotea. Kilichonitoa ni mzani. Nililiweka jungu zima juu ya mzani wa kidijitali, likichemka kwa nguvu nikasoma uzito, baada ya dakika 10 nikasoma tena, zimepungua gramu 740. Kila gramu ya maji ya nyuzi 100 ikigeuka mvuke inakula jouli 2257, kwahiyo ni kama wati 2780, sawa na 88,600 kwa mita ya mraba. Zile wati 200 na ushee zilizobaki zinapotelea pembeni. Sasa nina namba ya kweli mkononi, ndo nikaanza kuuliza vizuri.

Jibu lilikuwa kwenye zile milimita 3. Stenlesi inapitisha joto kwa shida, kama wati 16 tu kwa mita kwa kila nyuzi. Piga 88,600 mara 0.003 gawa kwa 16, unapata karibu nyuzi 17. Yaani themokapo haikukosea hata kidogo, ilikuwa inapima chuma, mi nikawa nasoma kama uso. Na kwa vile nyuzi za ziada zinapandishwa kipeo cha tatu, kosa la karibu mara tatu kwenye nyuzi likawa zaidi ya mara ishirini kwenye joto.

Nikarudi Ngamiani, fundi akatoboa tundu la pili, milimita 8 kutoka usoni. La juu 126, la chini 154. Tofauti nyuzi 28 ndani ya milimita 5, yaani 5.6 kwa kila milimita, rudisha milimita 3 mpaka usoni unatoa 16.8, uso unabaki 109.2. Uzuri wa matundu mawili ni kwamba hapo hujahitaji hata kujua chuma kinapitishaje joto. Nikaweka 9.2 kwenye fomula, ikatoa kama 102,000. Mzani 88,600. Imezidi asilimia 15 na nilifurahi sana, maana fomula hii ukiipa nyuzi ikupe joto inaweza kukosea hata mara mbili. Nikairekebisha `Csf` kwa bamba letu ikawa 0.0138, ila hiyo ni ya bamba hili likiwa safi, likishika kutu nyeupe ya maji au ukilikwaruza kwa msasa ni namba nyingine. Na chini ya nyuzi 5 hivi za ziada usiitumie kabisa, mapovu bado hayajashika kazi.

Sasa swali la shangazi: tukiweka hita ya kilowati 6 je? Upande wa maji hakuna shida, joto mara mbili linataka nyuzi za ziada mara 1.26 tu, kutoka 9.2 kwenda 11.6, na kikomo cha Zuber kiko mbali huko. Shida ni chuma. Kwa stenlesi ya milimita 12 upande wa hita utafika kama nyuzi 245, hita itaungua mapema. Nikamshauri bamba la shaba, unene uleule tofauti ya juu na chini inabaki kama nyuzi 5 tu.

"Sasa hayo matundu yako mawili utayahamishia kwenye shaba?" fundi akaniuliza. Nikapiga hesabu, kati ya tundu na tundu ningeona nyuzi mbili na kidogo, na themokapo zangu zenyewe zinatofautiana nyuzi moja zikiwa kwenye maji yaleyale. Nikamwambia asitoboe, tutatumia mzani.