Kumbukumbu ya mradi: vigezo vya mapitio ya machapisho, tasnifu ya uzamili, Tanga

Mada ya mwanzo ilikuwa "ufundishaji wa kusoma shule za msingi Tanzania". Mada pana kiasi hicho haimaliziki, kwa hiyo kazi ya awamu hii imekuwa kuandika vigezo vya kujumuisha makala kabla ya kupakua hata moja.

Mada sasa ni ufundishaji wa kusoma Kiswahili, darasa la kwanza na la pili, shule za serikali, Tanzania Bara. Zanzibar imewekwa kando kwa sababu ina wizara yake ya elimu na mitaala yake. Kutafuta kunaanza hivi:

```
(reading OR literacy) AND (Swahili OR Kiswahili) AND Tanzania
```

Kigezo kilichokula muda ni cha miaka. "Makala za miaka 10 iliyopita" ni mpaka unaoandikwa kwa mazoea, na msimamizi akiuliza kwa nini 10, jibu halipo. Hapa mipaka imetolewa na mtaala wenyewe: mwaka 2015 madarasa hayo mawili yalianza mtaala wa KKK, na Januari 2024 mtaala mpya ukaanza na darasa la kwanza. Basi tunachukua 2015 hadi 2023.

Lakini miaka ya nini? Makala iliyochapishwa 2016 inaweza kuwa na data iliyokusanywa Muheza au Lushoto mwaka 2013, kabla mtaala huo haujaingia darasani. Ukichuja kwa mwaka wa kuchapishwa, inapita na kuharibu ulinganisho. Kinyume chake, makala ya 2025 yenye data ya 2022 inatupwa bila kosa. Kigezo kikaandikwa upya: "data ilikusanywa kati ya 2015 na 2023". Tatizo ni kwamba ikisiri mara nyingi haisemi mwaka wa data. Kwa hiyo makala ya namna hiyo inaandikwa "labda", na mwaka unatafutwa kwenye sehemu ya mbinu za utafiti. Usipotajwa hata huko, makala inaondolewa na sababu inaandikwa.

Utafiti wa darasa la kwanza hadi la nne unaingia tu kama matokeo ya madarasa mawili ya chini yametenganishwa kwenye jedwali. Kanuni ni hiyo hiyo kwa utafiti uliochanganya Tanzania na Kenya. Bila kutenganishwa, huwezi kujua wastani unamsema mtoto gani.

Majaribio ya vigezo yanafanywa kwa makala 20, wasomaji wawili, kila mmoja peke yake. Wanapotofautiana, kwanza tunalitazama neno lililo kwenye kigezo. "Shule za vijijini", kwa mfano, lilifutwa: Pongwe mmoja anaiita kijiji, mwingine mjini.

Kigezo kikibadilika katikati, tarehe inaandikwa na makala zote zilizokwishapita zinachujwa tena. Inachosha, ndiyo maana majaribio yanatangulia. Kinachofuata ni ikisiri zilizobaki, kisha zile za "labda".