Ufuta na soya kwenye chakula cha mwanangu: uliza chupa, si mpishi

Mwanangu ana aleji ya ufuta na soya, daktari amethibitisha, na leo anakula vizuri hapahapa Mombasa. Najivunia hilo, maana ushauri niliopewa mwanzoni ungempeleka hospitali.

Ushauri ulioniudhi zaidi ni huu: "Mkate wa ufuta ukwangue juu, mpe ndani." Mbegu za simsim zikiokwa hutoa mafuta yanayoingia kwenye ganda la mkate, na vumbi lake hubaki kwenye kisu, sinia na kitambaa. Mwingine husema moto umeshaua kila kitu. Si kweli. Protini za ufuta zinazoleta mzio hustahimili joto, kwa hivyo simsim iliyokaangwa ni hatari ileile. Basi mkate wa ufuta siukwangui, siununui. Halwa naiangalia juu kabla ya kukatiwa, kwani wengine huinyunyizia simsim. Shawarma naiuliza sosi yake, maana tahini ni ufuta uliosagwa, na ukishachanganywa na mtindi na ndimu huuoni tena.

Soya ndiyo inayojificha zaidi. Kwenye kebabu na sambusa za bei rahisi, wengine huongeza soya kavu iliyorowekwa ili nyama ya kusaga iwe nyingi. Ipasue sambusa uitazame ndani: punje ya nyama ina nyuzi na hukatika vibaya, ya soya ni laini, ina vitundu kama sponji, na ukiibana kwa vidole hutoa maji kisha hurudi umbo lake. Ikishachanganywa na kitunguu na bizari, ulimi hautakwambia, na hata jicho hukosea. Pia karai iliyokaangia sambusa hizo ina chembe zake, hivyo viazi vinavyotoka humo simpi.

Sasa ujanja wangu mkubwa. Ukimwuliza muuza chipsi masala, "Kuna soya humu?" atakujibu hakuna, na hadanganyi. Kwake soya ni zile punje za dukani. Kile kimiminika cheusi alichomwagia kuku tangu asubuhi anakiita sosi tu. Kwa hivyo mimi nauliza, "Kaka, baada ya chumvi na ndimu, kuku umemtia nini kingine? Nionyeshe chupa." Nikiishika chupa, nasoma mwenyewe. Sosi ya soya ndiyo inayompa kuku rangi ile ya kahawia iliyokolea, na akishalowekwa nayo usiku kucha huwezi kumwosha ikatoka. Ikiwa chupa haionekani, au sosi imehamishiwa kwenye galoni isiyo na karatasi, tunaondoka.

Dukani nasoma orodha yote, si maandishi makubwa ya mbele. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na kwa mtoto mwenye mzio kilicho mwishoni ni kizito vilevile. Tuchukue pakiti ya soseji: mbele kuna picha ya ng'ombe, nyuma utasoma nyama, maji, kisha mara nyingi protini ya soya, ambayo hushika maji na kujaza. Au biskuti ya chokoleti: karibu na mwisho kuna E322, yaani lesithini. Inaweza kutoka kwa soya au alizeti, na namba peke yake haisemi. Ikiwa chanzo hakijaandikwa, nairudisha. Lesithini, na mafuta ya soya yaliyosafishwa kiwandani, yana protini kidogo sana na watoto wengi wenye mzio wa soya huyavumilia, lakini hilo aamue daktari wa mtoto wako, si jirani. Mafuta ya ufuta ya kukamuliwa hayana msamaha huo. Kwenye bidhaa za Kihindi ufuta huandikwa til, au kwa herufi g-i-n-g-e-l-l-y. Nami husoma upya kila ninaponunua, kwa sababu kiwanda hubadilisha viungo huku pakiti ikibaki ileile.

Mzio kwa kawaida hutokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele, midomo kuvimba, kutapika. Pumzi ikikaza, sauti ikikauka au mtoto akilegea, usingoje dawa ya vipele ifanye kazi. Anahitaji sindano ya adrenalini, kwa hivyo mchome ikiwa daktari alikupa, kisha hospitali mara moja.

Lililowashangaza wengi nyumbani ni unga wa uji. Unga wa mchanganyiko mara nyingi una soya, hilo linajulikana. Lakini hata ukipeleka wimbi na mtama wako mtupu kwenye mashine ya kusaga, mteja aliyekutangulia huenda alisaga soya, na unga wake umebaki kwenye mawe na kwenye mfuko wa kutokea. Kusaga kilo ya mahindi kwanza hupunguza, hakumalizi. Mimi huchagua nafaka, nikaziosha, nikazianika hadi zikauke kabisa, kisha nikazisaga kidogo kidogo kwa blenda ambayo haijawahi kuguswa na soya, nikachekecha na kurudisha makapi.