Siku Moja Wodini: Nimonia Mbili Zilizoikataa Penisilini

Saa 1:00 asubuhi

Napokea zamu. Sista wa usiku hajakaa hata chini, anaanza na mzee wa kitanda cha dirishani. "Dokta, yule homa yake imegoma. Alfajiri alikuwa na 39.8, na usiku ameniuliza mara kadhaa kama basi limefika."

Mzee ana miaka 58, anavuta sigara, na amelazwa kwa nimonia ya pafu la kulia. Anapata seftriaksoni, dawa ndugu ya penisilini, gramu 2 kwa siku kupitia mshipa, na leo anaingia siku ya tatu. Nimonia ya kawaida inayosababishwa na bakteria nyumokokasi ingekuwa imeanza kulegea kufikia sasa: homa ingeshuka, mgonjwa angeomba chakula. Huyu amezidi kuchanganyikiwa.

Kwenye chati kuna namba inayonifanya nisimame. Joto ni 39.8 lakini mapigo ya moyo ni 86 kwa dakika. Kwa homa ya kiasi hicho ningetarajia 110 au zaidi. Naangalia orodha ya dawa zake za nyumbani: hatumii dawa yoyote ya kupunguza mapigo, na kipimo cha umeme wa moyo cha siku ya kulazwa hakionyeshi tatizo. Moyo unaokwenda polepole ndani ya homa kali hauthibitishi ugonjwa. Taifodi hufanya hivyo, malaria pia huweza. Lakini kwa mwenye nimonia, dalili hiyo inatosha kunifanya nianze kuuliza maswali mengine.

Saa 2:30

Raundi. Niko na daktari wa mafunzo kwa vitendo, kijana anayeuliza sana, na nampenda kwa hilo. Mke wa mzee yupo. Namuuliza ugonjwa ulianzaje.

"Alianza kuharisha, Daktari. Kichwa kikamuuma, mwili wote ukauma. Kikohozi kilikuja baadaye, tena kikavu. Tulidhani ni tumbo."

"Mama, kabla ya kuugua alisafiri? Alilala mahali pengine?"

Alikuwa amelala kwenye nyumba ya wageni, ndiyo kwanza imefunguliwa tena baada ya kufungwa muda mrefu kwa ukarabati. Homa ilianza siku ya sita tangu aoge huko kwa bomba la mvua. Hapo namshuku lejionela, bakteria wa majini anayeleta nimonia. Kwa kawaida humpata mtu siku 2 hadi 14 baada ya kuvuta matone ya maji yenye bakteria huyo, na maji yaliyotuama ndani ya mabomba, yakiwa na uvuguvugu wa nyuzi 25 hadi 45, ndiyo makazi anayoyapenda. Mke wake alikwenda naye na haumwi. Hilo halinitoi kwenye njia: wengi wanaovuta matone hayo hawaugui, ila mvutaji sigara aliyepita miaka 50 yumo kwenye kundi la hatari.

Majibu ya damu yanafika tukiwa bado kitandani. Sodiamu iko chini, ni 126 milimoli kwa lita. Vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo. Makohozi yaliyopakwa rangi ya Gram, ile ya kuonyesha bakteria kwenye darubini, yana chembe nyeupe tele, lakini bakteria haonekani hata mmoja.

Nachukua mashine ya altrasaundi na kuangalia kifua mwenyewe kabla sijaongea zaidi. Dawa inaposhindwa, jambo la kwanza si kukimbilia bakteria wa ajabu. Huenda usaha umejikusanya nje ya pafu, na hapo hata dawa sahihi haitafua dafu mpaka usaha utolewe. Huyu hana usaha. Basi tunaendelea.

Saa 3:45

Tunasimama koridoni. Kijana ananibana: "Lakini nimesoma kwamba kwenye maabara, seftriaksoni inaweza kumzuia lejionela akue. Kwa nini basi ishindwe kwa mgonjwa?"

Swali lake ndilo kiini cha siku nzima. Bakteria huyu ana ukuta wa seli, na penisilini na ndugu zake hufanya kazi kwa kuharibu ujenzi wa ukuta huo. Tatizo ni mahali alipo. Makrofaji, zile chembe nyeupe zinazolinda vifuko vya hewa, humeza lejionela ili zimuue. Kwa kawaida kifuko kilichombeba bakteria huungana na kifuko chenye vimeng'enya vya kumsaga. Lejionela huingiza protini zake ndani ya chembe na kuzuia muungano huo, kisha huzaliana humo humo mpaka chembe inapasuka. Dawa za jamii ya penisilini hazijikusanyi vya kutosha ndani ya seli za binadamu. Zinabaki kwenye damu na majimaji, adui yuko ndani. Juu ya hayo, lejionela hutengeneza kimeng'enya kinachozivunja nyingi kati yake. Kwa hiyo jibu la sahani ya maabara halina maana kwa mgonjwa wetu.

Azithromaisini na levofloksasini, dawa za jamii nyingine, hupenya seli na kukaa humo kwa wingi. Azithromaisini hushika ribosomu, mtambo wa bakteria wa kutengeneza protini. Levofloksasini hushambulia vimeng'enya vinavyohudumia DNA yake. Zote mbili hazina habari na ukuta.

Hili lilijulikana kwa njia ya uchungu. Julai 1976 wanachama wa Lejioni ya Marekani, chama cha askari wa zamani, walikutana kwenye hoteli moja huko Filadelfia, na baada ya hapo watu wakaanza kuugua nimonia kali. Jumla walikufa 34. Bakteria mwenyewe alitambuliwa baadaye, Januari 1977 ikatangazwa. Waliochambua kumbukumbu za matibabu waliona kwamba waliopewa erithromaisini au tetrasaiklini walinusurika zaidi kuliko waliopewa dawa za jamii ya penisilini.

Saa 4:30

Naagiza kipimo cha mkojo cha antijeni ya lejionela, yaani vipande vya bakteria huyo, na makohozi yaende maabara kwa maelekezo maalumu. Bakteria huyu haoti kwenye sahani za kawaida. Anahitaji sahani ya mkaa na hamira iliyoongezwa sisteini na madini ya chuma, na huchukua siku kadhaa. Usipoiambia maabara unachokitafuta, watakurudishia jibu la "hakuna kilichoota", nawe utadanganyika.

Makohozi mengine nayapeleka kupimwa kifua kikuu, kabla ya dozi ya kwanza ya levofloksasini. Dawa hiyo hudhoofisha pia vijidudu vya kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu akipewa, hupata nafuu ya muda, vipimo hufichika, na utambuzi huchelewa.

Simsubirishi majibu. Tunarudia kipimo cha umeme wa moyo kwa sababu levofloksasini huweza kurefusha muda wa moyo kujichaji upya, kinatoka salama, figo zake ziko sawa, na saa 5 kasoro robo miligramu 750 zinaingia kwenye mshipa.

Saa 6:00 mchana

Simu ya maabara. Si ya mzee, ni ya binti wa miaka 19 niliyemwona kliniki asubuhi ile ile kati ya raundi na kazi nyingine.

"Daktari, damu ya huyu binti inagandana kwenye chupa. Mashine inanipa chembe nyekundu chache mno, halafu kiwango cha hemoglobini ndani ya kila chembe kiko juu kisivyowezekana. Nimeipasha moto hadi 37, namba zimekaa sawa."

Natabasamu. Fundi wa maabara asiyeikubali namba ya kipuuzi ni hazina. Binti anaishi bwenini, na wenzake wa chumba wamekuwa wakikohoa kwa kupokezana, kila mmoja akianza wiki mbili au tatu baada ya mwingine. Amemaliza siku tano za amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, kikohozi kikavu kiko pale pale, koo linauma, kichwa kinauma. Anatembea, anacheka, nikisikiliza kifua nasikia kidogo sana. Picha ya eksirei, kinyume chake, ina madoa pande zote mbili. Midomoni ana vidonda, na mikononi vipele vyenye duara ndani ya duara.

Kwa binti huyu nashuku bakteria aitwaye mikoplazma. Mwili ukipambana naye, mara nyingi hutengeneza kingamwili ambazo hushikanisha chembe nyekundu damu inapopoa. Si kila mgonjwa huwa nazo, na magonjwa mengine huweza kuzileta, lakini zikiungana na vipele na bweni linalokohoa, picha inakamilika. Naangalia macho: hayana manjano, na hemoglobini iliyopimwa kwenye damu ya moto iko vizuri, kwa hiyo chembe zake hazivunjiki.

Saa 7:30

Namwita kijana aone, maana hapa sababu ya dawa kushindwa ni tofauti kabisa na ya mzee. Mikoplazma hana ukuta wa seli hata kidogo. Amefunikwa na utando laini tu, ulioimarishwa kwa mafuta jamii ya kolesteroli anayoyachukua kwa mwenyeji wake. Kumtibu kwa amoksilini ni kumpeleka mbomoa kuta kwenye hema. Kuongeza dozi hakusaidii, kubadilisha kwenda seftriaksoni hakusaidii, wala kuichanganya na klavulaneti, kinga yake dhidi ya vimeng'enya vya bakteria. Ndiyo maana pia haonekani kwa rangi ya Gram: hakuna ukuta wa kushika rangi.

Naandika doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, baada ya kuhakikisha hana ujauzito. Azithromaisini nayo ingefaa, lakini kuna maeneo ambako mikoplazma wengi wamebadilisha ile sehemu ya ribosomu inayoshikwa na dawa hiyo. Homa ikiendelea siku mbili au tatu baada ya azithromaisini, ni vizuri kufikiria usugu. Namwambia arudi haraka vidonda vikiongezeka, au vikiingia machoni au sehemu za siri, na kwamba kikohozi kinaweza kumsumbua wiki kadhaa hata bakteria akiisha.

Saa 9:15 alasiri

Mkojo wa mzee: antijeni ipo. Kijana anafurahi kuliko mimi. Namkumbusha kwamba kipimo hiki hukamata hasa kundi la kwanza la spishi ya lejionela iitwayo *pneumophila*, ndilo linalosababisha wagonjwa wengi. Kingetoka hasi, nisingeondoa levofloksasini kwa mtu mwenye sodiamu 126, kuharisha, kuchanganyikiwa na historia ile ya maji. Seftriaksoni tunaisimamisha sasa.

Sista anauliza kama tumhamishie chumba cha peke yake. Hapana, lejionela haambukizi kwa kukoholeana. Anayehitaji kufuatwa ni yale maji, kwa hiyo naijulisha idara ya afya ya jamii ili mabomba ya nyumba ile yapimwe kabla mgeni mwingine hajaoga. Kwa binti ni kinyume: yeye nimemwambia afunike mdomo akikohoa, na wenzake wenye homa waje wapimwe.

Saa 1:00 usiku

Namkabidhi mwenzangu wa usiku. Namwambia homa ya mzee huenda ikachukua siku tatu hadi tano kushuka, na picha ya kifua inaweza kuonekana mbaya zaidi kwanza ilhali mgonjwa anaendelea vizuri, kwa hiyo asibadilishe dawa kwa sababu ya picha peke yake. Atazame kasi ya kupumua na oksijeni. Vikiharibika, aite chumba cha wagonjwa mahututi bila kusubiri asubuhi. Sodiamu irudiwe usiku wa manane, na isipandishwe kwa pupa.