Ninavyolitambua tangazo la video lililochoka kabla halijala bajeti

Tangazo la video likichoka, dalili zake hufuatana kwa mpangilio. Kwanza watu walewale huanza kulipata mara kwa mara. Kisha wanaacha kulibofya. Mwisho kabisa ndipo gharama ya kila matokeo, yaani ya kila hatua unayoitafuta kama ununuzi au usajili, inapopanda, na hapo pesa imeshatoka. Kwa hiyo mimi sianzi na gharama, ingawa ndiyo inayowashtua wengi. Naanza na marudio na mibofyo, halafu gharama inakuja kuthibitisha.

Kwenye Ads Manager ya Meta napanga safu hizi ziwe jirani: `Impressions`, `Reach`, `Frequency`, `CPM`, `CTR (link click-through rate)`, `3-second video plays`, `ThruPlays`, `Results` na `Cost per result`. Kisha naigawa ripoti kwa wiki. Kiwango cha mibofyo ninachokitazama ni cha kiungo peke yake. Ile `CTR (all)` inahesabu kila mguso, hata wa mtu aliyependa tu au aliyefungua ukurasa wa mtangazaji, kwa hiyo inaweza kuonekana nzuri wakati hakuna anayekwenda kwenye tovuti.

Marudio ni maonyesho yote kugawanywa kwa watu waliofikiwa, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukitazama kipindi chote tangu tangazo lianze, namba hiyo itapanda tu hata kama tangazo ni zima. Ukilinganisha wiki na mwezi, unalinganisha vitu viwili tofauti. Vipindi vyangu vyote ni vya siku 7. Wala sina namba moja ya hatari. Seti ya matangazo inayowalenga waliokwisha kutembelea tovuti ni ndogo kwa asili yake, na marudio ya juu huko ni ya kawaida. Ninachotafuta ni marudio yanayopanda huku mibofyo ikishuka.

Tuchukue mfano wa seti moja yenye bajeti ya dola 240 kwa wiki na video moja. Wiki ya 1 ilipata maonyesho 60,000 kwa watu 40,000, yaani marudio 1.5. Mibofyo ilikuwa 960, sawa na asilimia 1.6, na matokeo 48 kwa dola 5 kila moja. Wiki ya 4, kwa bajeti ileile, maonyesho yalikuwa 54,000 kwa watu 18,000 tu, marudio 3.0. Mibofyo ilishuka hadi 432, asilimia 0.8, na matokeo 22, kila moja karibu dola 10.9.

Gharama imepanda zaidi ya mara mbili, lakini hilo peke yake halithibitishi kwamba video imechoka. Naivunja hivi:

```
Cost per result = CPM / (1000 × CTR × CVR)
```

`CPM` ni bei ya maonyesho 1,000, `CTR` ni sehemu ya maonyesho iliyobofywa, na `CVR` ni sehemu ya waliobofya wanaoishia kuwa matokeo. Katika mfano wetu, waliobofya waligeuka kuwa matokeo kwa asilimia 5 wiki ya 1 na 5.1 wiki ya 4, kwa hiyo ukurasa wa tovuti hauna kosa. Bei ya maonyesho 1,000 ilitoka dola 4 hadi 4.44, ongezeko dogo. Kilichoporomoka ni kiwango cha mibofyo, nusu nzima. Kama ingekuwa `CPM` iliyoruka huku mibofyo ikibaki palepale, ningesema ushindani kwenye mnada wa nafasi za matangazo umeongezeka na nisingeigusa video. Na kama mibofyo ingebaki ila matokeo yapungue, ningekwenda kukagua ukurasa, fomu na malipo.

Hata ile `CPM` iliyopanda kidogo inaweza kuwa na mkono wa uchovu. Mnada hauangalii dau peke yake, unapima pia uwezekano wa mtu kuchukua hatua na ubora wa tangazo. Watu wakiacha kubofya, makadirio hayo hushuka, na nafasi ileile inakugharimu zaidi.

Kwa nini niamini mibofyo kabla ya matokeo? Kwa sababu ya wingi. Mibofyo 432 kati ya maonyesho 54,000 ni namba imara. Matokeo 22 yangeweza kuwa 17 au 27 kwa bahati tu, bila kitu chochote kubadilika. Mfumo nao huandika `Creative fatigue` kwenye safu ya `Delivery`, lakini alama hiyo huja gharama ikiwa imefika angalau mara mbili ya matangazo yako ya nyuma. Kwangu hiyo ni taarifa iliyochelewa.

Baada ya hapo nauliza sehemu gani ya video imechoka. Nagawanya `3-second video plays` kwa maonyesho, halafu `ThruPlays`, yaani mara video ilipotazamwa hadi mwisho au angalau sekunde 15, kwa hizo za sekunde 3. Tuseme wiki ya 1 asilimia 30 walivuka sekunde 3, na wiki ya 4 ni 19. Lakini kati ya waliovuka, waliofika mbali ni asilimia 25 mwanzo na 24 sasa. Maana yake mwanzo ndio uliochakaa: watu wanaitambua picha ya kwanza na kupita. Kiini bado kinawashika wanaobaki. Hali ikiwa kinyume, mwanzo mzima na kiini kinaporomoka, basi ujumbe wenyewe ndio wa kuandikwa upya, na kupiga mwanzo mwingine ni kupoteza muda.

Kwa kesi hii nabakiza video kuanzia sekunde ya 4 na kutengeneza mianzo mitatu mipya: mtu mwingine, mahali pengine, sentensi ya kwanza nyingine. Kubadili muziki au rangi ya maandishi hakusaidii, kwa sababu jicho limeshaitambua picha kabla sikio halijasikia kitu.

Video zote tatu mpya naziweka kwa mkupuo mmoja ndani ya seti ileile. Kuongeza tangazo jipya hurudisha seti kwenye kipindi cha kujifunza, ambacho huhitaji takriban matokeo 50 kwa wiki ili kutulia. Seti hii ilifika 48 ikiwa katika ubora wake, kwa hiyo kuigawa vipande vitatu kungeinyima kila kipande data ya kutosha. Video ya zamani ikiendelea kumeza maonyesho kwa nguvu ya historia yake, naizima.

Kila mpya ikifikisha maonyesho 3,000, naangalia wanaovuka sekunde 3. Kwa kiasi hicho asilimia 30 na 19 zinatofautishika bila shaka. Mibofyo bado: asilimia 1.6 ni mibofyo 48 tu, na matokeo hayatazidi mawili matatu, kwa hiyo sichagui mshindi kwa hayo. Tena nailinganisha video mpya na wiki ya 1 ya ile ya zamani. Ukiilinganisha na wiki ya 4, karibu kila kitu kipya kitaonekana hodari.

Mianzo yote mitatu ikigoma, nashuku hadhira kuliko video. Kipimo chake ni kuunda hadhira ya waliotazama video ya zamani angalau sekunde 3 ndani ya siku 365, kuiondoa kwenye walengwa, na kuirusha video hiyohiyo ya zamani kwa waliobaki na kwa kundi pana zaidi. Mibofyo ikirudi karibu na asilimia 1.6, video ni nzima, na kinachohitajika ni watu wapya.