Chaja zilisingiziwa, mla umeme ni dekoda

Nyumbani kwetu Katindo, Goma, shangazi alikuwa hakubali kulala kabla chaja zote hazijachomolewa. Lakini dekoda ilibaki kwenye ralonji usiku kucha. Nilipomwuliza, akanijibu, "Mwanangu, hiyo si imezimwa? Huoni taa nyekundu?" Niliamua kupima, na mita ya kadi ilinitosha.

Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake, kila kitaa chake kinapowaka mara moja, wati-saa moja imetumika. Nilizima kila kitu, friji pia, nikaacha dekoda peke yake na taa yake nyekundu. Kutoka mweko mmoja hadi mwingine zilipita dakika tano. Kwa mita ya 1000, gawa 3600 kwa sekunde ulizohesabu: 3600 ÷ 300 ni wati 12. Rimoti huzima picha tu. Ndani, dekoda inaendelea kufanya kazi, na ya kwetu inaendelea hata kupeleka umeme kwenye kile kichwa cha dishi juu ya bati. Ukiigusa asubuhi utaikuta na joto, na joto hilo umelilipia.

Chaja zilinisumbua zaidi. Nne zikiwa peke yake, mita haikuwaka kabisa, maana mita nyingi hazianzi kuhesabu mzigo mdogo mno. Hapo mtu anaweza kudhani chaja hazili kitu. Kwa hiyo niliwasha balbu ya LED ya wati 9 ili mita iamke. Balbu peke yake, miweko mitatu ilichukua dakika 20. Nilipochomeka chaja zote nne bila simu, ikachukua dakika 18. Hiyo ni wati 10, yaani chaja nne kwa pamoja zinakula kama wati moja.

Sasa hesabu ya mwaka, kwa saa nane za kila usiku. Dekoda: 12 × 8 × 365 ÷ 1000 ni kama kWh 35. Chaja nne: hazifiki kWh 3. Nilitumia senti 25 za dola kwa kWh. Wewe weka bei iliyo kwenye risiti yako. Dekoda inakula karibu dola 8 na senti 75 kwa mwaka, chaja senti 73. Na nyumba ambayo mchana haina mtu, dekoda ikaachwa hivyo hivyo, gharama inaweza kufika maradufu.

Shangazi aliangalia kile kitaa pamoja nami hadi akaridhika. Tulinunua ralonji yenye swichi, dekoda na televisheni zikakaa humo, na anayelala wa mwisho ndiye anayeibonyeza. Asubuhi dekoda inachelewa kidogo kuamka. Siku ya kulipa abonema tunaiacha ikiwaka kwenye chaneli kwa muda, ili ipokee ruhusa mpya kutoka satelaiti. Ikiwa imekatwa umeme, haiwezi kuipokea.