Kupiga maji ya dengu badala ya ute wa yai

Dengu ninazozungumzia ni zile kubwa za rangi ya maziwa, zenye kidomo, si choroko. Maji zilizochemkia hupigika yakawa povu jeupe kama la ute wa yai, nami huyatumia zaidi kwa merengi, vile vibiskuti vikavu vya povu na sukari.

Kazi kubwa iko kwenye uzito wa maji. Naroweka gramu 250 za dengu usiku kucha, namwaga maji ya kurowekea, kisha nazichemsha kwa lita moja ya maji mapya bila chumvi wala magadi. Zikiiva naziacha zipoe humo humo na kulala kwenye friji, maana zinaendelea kutoa wanga na protini. Asubuhi nachuja. Maji yakiwa bado mepesi nayarudisha jikoni, moto mdogo, mpaka yateleze kijikoni kama ute wa yai bichi. Yakipoa kabisa ndipo napiga. Vijiko viwili vya chakula hukaa mahali pa ute wa yai moja.

Kwa trei moja napima mililita 120 za maji hayo na kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, yanayosaidia povu lisivunjike. Bakuli liwe la chuma au kioo, kwa sababu plastiki hushika mafuta, na mafuta kidogo tu huliua povu. Napiga kwa mashine ya umeme, mwanzo polepole, kisha kasi ya juu. Dakika tano za kwanza utaona povu la sabuni tu. Usikate tamaa mapema, linaweza kuchukua dakika 10 hadi 15. Likisimama naongeza gramu 150 za sukari laini, kijiko kimoja kimoja. Sukari ikimwagwa yote kwa mpigo, povu hulegea. Liko tayari likisimama wima kwenye mchapo, na ukilisugua kati ya vidole husikii chembe za sukari.

Naoka kwa nyuzi 100 kwa saa moja na nusu hadi mbili, kisha nazima oveni na kuviacha ndani vipoe. Moto ukizidi, vinatoa maji ya sukari chini na kubonyea. Ute wa yai hugandishwa na joto, lakini povu hili lina protini kidogo sana, hivyo linashikiliwa na sukari inayokauka. Ndiyo maana siliamini kwenye keki ya sponji inayotegemea ute wa yai peke yake: huumuka oveni, halafu katikati hushuka. Kwenye chapati za maji au keki yenye hamira ya unga halina shida.

Harufu ya dengu huisha vikikauka vizuri. Pwani, penye unyevu, vitie kwenye kopo lisilopitisha hewa mara tu vinapopoa, la sivyo jioni vitakuwa vinanata.