Wewe tengeneza, kuuza niachie mimi

Tangu Jumanne maneno ya yule mzee anayeuza bidhaa kwa jumla yananizunguka kichwani, na usiku ndo yanazidi. "Mwanangu, wewe tengeneza, kuuza niachie mimi." Kasema hivo huku anasaini makaratasi ya watu wengine, macho hata hajainua, na mimi nimekaa mbele yake na pakiti zetu mpya za vitafunwa nimezipanga mezani. Wiki hii mdogo wangu kachumbiwa, mashine ya kufunga pakiti imerudi kazini na mkaguzi katupitisha, lakini mwenzenu nikishika hata mswaki naisikia ile sentensi tu.

Sio kwamba alinitukana, hapana. Kilichonichoma ni kwamba maneno yake yalikuwa ndo mkataba wenyewe. Anataka awe msambazaji wa pekee kwa kanda yote, miaka 3, na kile kifungu alichoandikiwa na mtu wake kinatufungia hata sisi wenyewe tusiuze humo. Kuna mikataba ya upekee ambayo mwenye bidhaa anaahidi tu hatateua msambazaji mwingine, ila yeye mwenyewe anaruhusiwa kuendelea na wateja wake. Hii yake sio hiyo. Hii inamaanisha yale maduka ambayo mimi na Da Rehema, mwenzangu kwenye hii biashara, tumeyazungukia kwa miguu, mengine mnayakumbuka nilishawasimulia humu, tuyakabidhi yote, na duka likitupigia simu linataka mzigo tuseme samahani nenda kwake.

Halafu angalieni anachotoa yeye. Kaahidi kununua katoni 300 kwa mwezi, isishuke hapo. Da Rehema aliposikia alifurahi kwasababu ni hela ya uhakika, na namwelewa, yeye ndo anayelipa watu mwisho wa mwezi. Lakini ndani ya hiyo hiyo kanda sisi wenyewe bila gari la maana tunauza kama 220. Kwahiyo tunafunga mlango miaka 3 kwa nyongeza ya katoni 80, na akishafikisha hizo 300 hana sababu ya kujisumbua kufungua hata duka moja jipya, na sisi hatuwezi kumleta mtu mwingine. Kiwango cha chini kikiwa kidogo hivo, upekee unageuka kabati la kutufungia bidhaa.

Na kuna kitu nilikiona stoo kwake ambacho ndo kinaninyima usingizi hasa. Pale kona ya nyuma, chini kabisa ya rundo, kulikuwa na katoni za kitafunwa cha kampuni nyingine, gundi ya utepe imeshakauka na vumbi limeshika, nikainama nikasoma tarehe, imebaki miezi 2 tu. Alizinunua kweli, kwenye vitabu vya yule mtengenezaji zinahesabika zimeuzwa, lakini hakuna mtu aliyezitafuna. Bidhaa yetu inakaa miezi 6. Ikilala kwake mitatu, muuza duka anakagua tarehe anakataa, mzigo unarudi kwangu na anadai nimbadilishie. Kwahiyo manunuzi yake peke yake hayaniambii kitu, mi nataka kujua kinachotoka stoo. Na hesabu yake sio ngumu: mwezi umeanza na katoni 120, kapokea 300, mwisho wa mwezi tumehesabu zimebaki 340, basi zilizotoka ni 80, hata kama oda alilipa zote. Mwezi mmoja hivo unavumilika, miwili mfululizo ujue anarundika, na hapo unasimamisha mzigo mpya kabla haujakugeukia.

Nikajiandaa kwenda kugomba. Kweli kabisa, Alhamisi nimeamka na hasira yangu nimeipanga vizuri.

Ila kabla sijatoka akanipigia yeye. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kunisimulia kuhusu kinywaji fulani alichowahi kukifungulia soko zamani. Anasema aliweka magari, akawakopesha wenye maduka mzigo wa kwanza ili wakubali tu kuweka kwenye rafu, akalipa vijana wa kuzunguka, na soko lilipochangamka mwenye kinywaji akaleta magari yake mwenyewe yakapita maduka yale yale na bei ya chini kuliko yake. "Mwanangu, mimi nimefuga ng'ombe, maziwa wamekamua wengine." Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, sio ile ya Jumanne. Na hapo hasira ikanitoka, maana nikaona ile "kuuza niachie mimi" ni mtu anayeogopa kuibiwa kazi yake, na hofu hiyo ni ya haki. Anayefungua soko gharama zake anazitoa mwanzoni, faida inakuja baadae. Bila ulinzi hawezi kuweka hela, ningekuwa mimi nisingeweka.

Basi nikaenda, tukakaa, na nikaanzia na hofu yake. Nikamwambia mzee wangu, upekee nakupa kamili, hata sisi hatuuzi, kwenye zile wilaya 4 ambazo magari yako yanafika kila wiki. Wilaya zilizobaki unapewa nafasi ya kwanza ndani ya miezi 6, ukipeleka gari ni zako, usipopeleka natafuta mtu. Simu yoyote ikitupigia kutoka kwenye zile 4 namba inakuja kwako. Na tukivunja mkataba bila kosa lako tunakupa notisi ya miezi 6, na mzigo wako uliobaki na angalau nusu ya muda wake tunaununua kwa bei ile ile uliyolipa.

Akaweka kalamu chini. "Hii ya kununua mzigo wangu nani kakufundisha?" Nikacheka tu, na moyoni nilifurahi jamani, kwasababu safari hii ananiangalia usoni.

Kwa upande wangu nikaomba mkataba uwe wa mwaka 1 kwanza, ukifikia malengo unajiongeza miaka 2. Malengo tuyapime kwa robo mwaka, sio kwa mwezi, maana kuna miezi biashara inalala na sio kosa la mtu. Robo ya kwanza katoni 900 zitoke stoo, ya pili 1,500, ya tatu na kuendelea 2,100. Akikosa robo 2 zinazofuatana upekee unaondoka, lakini yeye anabaki msambazaji wa kawaida, hatumfukuzi. Na kijana wetu aingie stoo kila mwisho wa mwezi kuhesabu na kusoma tarehe. Hiyo ya kijana kuingia alinuna kidogo, ila akasema aje, mradi asije siku ya kupakia.

Hatujasaini bado. Kumebaki zile supamaketi ambazo tunazihudumia wenyewe, anazitaka nazo, na mi nimesema zinaandikwa kwa majina kwenye kiambatanisho kwamba ni zetu, maana zinalipa baada ya siku 60 na zina masharti yao ya kurudisha mzigo ambayo hata yeye hayataki akiyasoma vizuri. Nadhani ataachia. Da Rehema anasema nisiwe na uhakika sana.

Alafu, nje ya biashara, mjomba wangu ananitia wasiwasi. Leo kasema ikifika jioni anaona ukungu kwenye jicho la kushoto, eti ni uchovu, na bado anapanda pikipiki usiku kurudi kwake. Nimemwambia kesho tunaenda kupima akanijibu tutaona. Nikimpigia sa hivi hapokei.